Siku nilipoandika tangazo la kazi ya usafi

Mapema mwaka 2023 nilikuwa karani kwenye ofisi ndogo ya uhasibu Kijitonyama, Dar es Salaam: vyumba vitatu, korido na choo kimoja. Mama aliyekuwa akitufanyia usafi alihamia Morogoro, bosi akanipa karatasi nikaibandike dukani kwa Mangi: "Anatafutwa msafishaji. Mshahara maelewano. Piga simu."

"Bosi, hii ikitoka hivi nitashinda kwenye simu," nikamwambia. Akasema basi niandike mwenyewe. Nikaandika hivi:

"Anahitajika mtu wa usafi wa ofisi. Jumatatu hadi Jumamosi, saa 12:30 asubuhi hadi saa 4:30. Kudeki, kufuta meza na madirisha, kuosha choo na vyombo vya chai, kutoa taka. Sh 120,000 kwa mwezi. Piga simu saa 8 hadi saa 10 mchana. Hakuna ada ya kuomba kazi."

Hilo la mwisho ni kwa sababu ya matapeli. Hunakili tangazo la watu, wakaweka namba yao, kisha wakadai hela ya fomu.

Wengi walibipu. Bosi alilalamikia vocha, lakini asiye na salio ndiye hasa anayetafuta kazi, nikawapigia. Niliuliza mambo mawili tu: unatokea wapi, na choo utakioshaje.

Kijana mmoja alikuwa Mbagala. Daladala mbili kuja, mbili kurudi, kila moja sh 500: ni sh 2,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni sh 52,000, abaki na 68,000. Nilipomsomea hesabu akasema, "Nitakuja tu, dada." Sikuona akivuka mwezi wa pili.

Kisha akapiga mama wa Mwananyamala, anayeweza kuja kwa miguu. Kuhusu choo alijibu bila kufikiri: "Jiki naitumia peke yake, mwanangu. Ukiichanganya na ile dawa kali ya choo, mvuke wake unakukaba koo. Na dirisha nalifungua kwanza." Ndivyo ilivyo. Dawa ile ina asidi, na ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini. Choo chetu kilikuwa na kidirisha cha ukubwa wa daftari.

Halafu yeye akaniuliza: "Na karatasi za mezani je?" Hakuna mwingine aliyeuliza hilo. Kwa mhasibu, risiti iliyokunjwa pembeni ya meza yaweza kuwa ndiyo ushahidi wa mteja mbele ya TRA. Nikamwambia kinachotupwa ni kilichomo ndani ya ndoo ya taka tu, hata kama sakafuni kumetapakaa makaratasi.

"Basi hilo liandikeni kwenye mkataba," akasema, "lisije likapotea kitu nikaulizwa mimi."

Bosi akakubali. Mama akaomba aanze Jumatatu, maana Jumamosi alikuwa na harusi ya mpwa wake.