Kikao kimya, kazi haiendi

Moshi, Jumatatu jioni

Timu inayogombana haina shida kuichunguza, maana ugonjwa wake unasikika hadi koridoni. Inayonisumbua kichwa ni ile yenye adabu, vikao vinaisha kabla ya saa ya chai, na bado mradi uko nyuma.

Chukua timu ya watu saba yenye ofisi hapa mjini: meneja, injinia, mpimaji, afisa maendeleo ya jamii, mhasibu, afisa ununuzi na afisa ufuatiliaji. Kazi yao ni kushusha bomba la maji kutoka kwenye chanzo kilichoko miteremko ya Kilimanjaro, lipite katikati ya vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa ya familia, hadi vijiji vya chini. Fedha ziko benki na mabomba yako stoo, lakini uchimbaji wa mtaro haujaanza. (Hilo la fedha ndilo la kuangalia kwanza. Kama malipo yamekwama kwa mfadhili, timu si ya kulaumiwa.) Meneja anasema timu yake imeshaelewana kwa sababu hakuna anayebishana. Hapo ndipo anapokosea.

Mwanasaikolojia Mmarekani Bruce Tuckman alipitia makala 50 za utafiti wa vikundi vidogo, na mwaka 1965 akapanga hatua nne: kuundwa, kuvutana, kuelewana na kutenda. Mwaka 1977, akiwa na Mary Ann Jensen, aliongeza ya tano, kuagana. Watu wamekariri majina hayo, wakasahau kwamba kila hatua aliitazama pande mbili: watu wanahusianaje, na kazi yenyewe wanaishikaje. Katika kuundwa, watu wanapimana na kumtegemea kiongozi. Katika kuelewana, wanashikamana, na pia wanatoa maoni yao waziwazi kuhusu kazi. Kwa hiyo ukimya peke yake si dalili ya kuelewana. Timu iliyoelewana huongea sana.

Njia ya haraka ya kujua timu iko wapi ni kusoma mihtasari ya vikao vyake vitatu au vinne mfululizo. Anzia kwenye yatokanayo. Katika timu hii, suala la njia ya bomba linajirudia kila kikao kwa maneno yale yale: "linaendelea kufanyiwa kazi". Halina jina la mtu wala tarehe. Kisha ukae kikaoni usikilize swali linaelekezwa kwa nani. Mpimaji anataka kujua mtaro uwe na kina gani, injinia yuko kiti cha pili kutoka kwake, lakini anauliza, "Meneja, unatuelekeza tufanyeje?" Meneja anajibu. Huo ndio utegemezi wa hatua ya kwanza, hata kama timu ina umri wa mwaka.

Ukizungumza na mmoja mmoja, linatoka la pili. Injinia anataka njia fupi inayokata vihamba. Afisa maendeleo ya jamii anajua baadhi ya wenye vihamba hawajaridhia migomba na kahawa zao zing'olewe, na anaona injinia anawadharau. Hawajawahi kuambiana hayo mezani. Mvutano upo, ila umefungiwa nje ya kikao, ndiyo maana timu haiwezi kuupita.

Dawa inayopendwa ni kuwapeleka watu nyama choma. Wanarudi wamefurahi, na njia ya bomba iko pale pale, kwa sababu chakula kinagusa upande wa uhusiano tu, na hata huo kwa siku moja.

Kinachosaidia kinaanza na yaliyorukwa katika kuundwa: karatasi moja inayoonyesha nani anaamua nini. Hapa, injinia anaamua kipenyo na kina, afisa maendeleo ya jamii anathibitisha ridhaa ya maandishi ya kila kihamba, na njia haipitishwi bila saini zote mbili. Baada ya hapo mvutano uletwe mezani kwa makusudi. Ramani itandazwe, kila mmoja aeleze njia yake na gharama yake, na meneja anyamaze hadi wote wawili wamalize. Sauti zitapanda kidogo. Ziache, mradi zinabishania ramani. Zikigeukia kabila, elimu au umri wa mtu, hapo meneja aingilie.

Mihtasari ya vikao vinavyofuata itaonyesha kama kuna mabadiliko: hoja za yatokanayo zinafungwa, zina majina, na wajumbe wanaulizana wenyewe. Akiletwa injinia mpya katikati ya mradi, tegemea timu irudi nyuma, na ile karatasi isomwe upya naye akiwepo. Na kama baada ya vikao viwili maswali yote bado yanaenda kwa meneja, mtazame meneja: huenda bado anayajibu.