Dakika tatu za Mwanza

Hotuba yangu ya kwanza ilijaza kurasa nne. Niliiandika usiku, kwa muda wa wiki mbili, ndani ya kibanda changu cha kuchaji simu kwenye mwalo mmoja wa dagaa kisiwani Ukerewe. Ilianza na jua linavyowaka bure juu ya ziwa, ikapita kwa wavuvi wanaozimikiwa simu, ikaishia kwenye ahadi: kibanda kimoja chenye paneli moja kinachaji simu 100 kwa siku, na nikipata mtaji nitafungua vingine vitano. Shindano lilikuwa Mwanza, mwaka 2016. Kila mshiriki alipewa dakika tatu.

Usiku wa kuamkia safari nilimsomea mdogo wangu, aliyekuwa ananisaidia kibandani. Alipima muda kwa simu yake. Dakika nane na nusu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Dada, mbona habari ya betri hujaitaja kabisa?"

Sikuitaja kwa sababu ilikuwa bado inaniuma. Betri yangu ya kwanza, ya asidi, volti 12 na Ah 100, ilikufa baada ya miezi minane. Niliinunua kwa akiba ya mwaka mzima. Fundi aliyenifungia aliniambia ingedumu miaka mitatu, minne, na mimi nilimwamini.

Ile hesabu ya simu 100 sikuitunga. Paneli yangu ni ya wati 150. Ukiipa saa tano za jua kali unapata saa-wati 750, na ukitoa joto, vumbi na upotevu wa kwenye waya zinabaki kama 500. Kiswaswadu kimoja kinakula kama saa-wati tano mpaka kijae. Gawanya, unapata simu 100. Ila kwenye daftari langu la kibandani, siku nzuri ilikuwa simu 40. Zikizidi hapo, jioni inveta ilianza kulia na chaja zote zikazima.

Nilikaa miezi nikidhani naibiwa jua. Nilipangusa paneli kila asubuhi, nikakata tawi la mwembe lililokuwa linatia kivuli saa tisa. Wapi. Aliyenionyesha ni fundi wa redio wa Nansio, mzee mmoja mpole, aliyekuja na mita yake akaibana kwenye waya wa inveta wakati hakuna simu hata moja iliyochomekwa. Inveta tupu, haifanyi kazi yoyote, ilikuwa inakula wati 12. Nami sikuwa naizima, mchana wala usiku. Wati 12 kwa saa 24 ni saa-wati 288. Zaidi ya nusu ya jua langu lilikuwa linaliwa na kisanduku cha kugeuza umeme wa betri kuwa volti 230, ili chaja ziushushe tena hadi volti tano.

Kulikuwa na jambo la pili, na ndilo lililoiua betri. Inveta ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, bila kupitia chaji kontrola. Kontrola ndiyo yenye kazi ya kukata umeme betri ikishuka sana, na ile yangu ilikuwa nzima kabisa, lakini haikuwa na cha kukata. Betri ilishushwa karibu na mwisho kila usiku, ikaamka na volti 11.8, jua likaijaza nusu, ikashushwa tena. Betri ya asidi ikikaa na njaa namna hiyo, sahani zake za risasi hushika ukoko mgumu, na baada ya muda haipokei chaji hata uiachie jua la wiki.

Kwa betri ya pili niliitoa inveta. Nilinunua vichwa vya USB vile vya kwenye magari, vinavyoshusha volti 12 hadi tano bila kupanda kwanza, nikavifunga upande wa kontrola, na nyaya za pini nyembamba kwa viswaswadu. Simu nyingi nikazichaji mchana, jua likiwapo, ili betri ibaki ya jioni tu. Kila asubuhi kabla ya jua kugusa paneli nilipima volti na kuziandika. Paneli ni ileile. Siku za jua nikafika simu 80, na zile siku tatu nne za mawingu mfululizo, 35.

Nilipanda meli ya asubuhi Nansio na kurasa nne mkononi. Kabla hatujaona mawe ya Mwanza nilikuwa nimefuta kurasa tatu na nusu. Jua la bure lilikuwa la kwanza kuondoka, na simu 100 zikafuata. Nilichosema mbele ya majaji, kwa kadiri ninavyokumbuka, ni hiki:

"Shikamooni. Ninachaji simu za wavuvi wa dagaa kwa shilingi 300 moja. Siku ya jua nachaji simu 80, siku ya mawingu 35. Mwaka jana nilikuwa nachaji 40 na nikaua betri, kwa sababu inveta ilikula zaidi ya nusu ya umeme wangu nami sikujua. Nimeiondoa. Hili hapa daftari la volti za kila asubuhi kwa miezi saba. Wateja wangu hawafuati jua, wanafuata mwezi. Wakati wa giza wavuvi wako kazini na simu zinajaa kibandani. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawavutwi na taa, wavuvi wanarudi makwao, na mimi nabaki na simu 15 kwa siku, jua liwe kali namna gani. Kwa hiyo nahesabu mapato kwa mwezi wa angani, siyo kwa juma. Nataka kufungua vibanda viwili, siyo vitano, kwenye mialo ambayo nimekaa wiki nzima kila mmoja nikihesabu simu..."

Hapo kengele ililia. Nilikuwa sijataja fedha ninazoomba. Nilibaki nimesimama na ile sentensi mdomoni, moyo unanidunda, nikijua kwamba jambo lililonileta Mwanza ndilo lililobaki.

Jaji mmoja, mama wa makamo, akaniuliza: "Unaomba kiasi gani, binti?"

"Milioni mbili na laki nne, mama. Paneli mbili, betri mbili, kontrola, nyaya na mabanda yenyewe."

"Na umeme wa REA ukifika kwenye hiyo mialo?"

"Ukifika kijijini, kibanda kitahama. Kinafungwa kwa boliti, na paneli inashuka kwa nusu saa. Mialo ya wavuvi ni kambi, leo ipo hapa, kesho imesogea. Nimechagua iliyo mbali na nguzo."

Aliandika kitu, hakusema zaidi. Sikushinda nafasi ya kwanza wala ya pili. Wa tatu alipata milioni moja na laki mbili, na aliyekuwa wa tatu ni mimi. Zilitosha kibanda kimoja.

Tulipokuwa tunatoka, jaji mwingine, mzee aliyekuwa kimya muda wote, aliniomba lile daftari. Alilisoma akiwa amesimama mlangoni, ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikishuka kwenye safu ya volti: 12.6, 12.5, 12.3 za siku za mawingu, 12.6 tena. Alipofika mwisho akanitazama.

"Ya leo haipo."

Nilitoa simu nikamwonyesha ujumbe wa mdogo wangu, uliotumwa saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi. Ulikuwa na namba tu: 12.5. Mzee akanipa kalamu yake, nikaiandika palepale.