Elfu tisa ya kikundi chetu

Siku tatu nimehamisha madaftari ya kikundi chetu hapa Wete. Zamani kila kikao kilikuwa na ukurasa wake, majina na pesa tu. Sasa kila malipo yana mstari wake: mwanachama, tarehe, kiasi, salio. Salio la juu unalijumlisha na kiasi kipya.

Mwisho salio likasema 486,000, sandukuni mna 477,000. Moyo ulinipasuka, maana mshika fedha ni mama yangu mdogo. Tofauti ni 9,000, inagawanyika kwa tisa. Mara nyingi hivyo ni tarakimu zimepinduliwa. Nikarudi mstari kwa mstari: 12,000 nilikuwa nimeiandika 21,000. Nilimpigia usiku huohuo. Kuanzia sasa tunahesabu sanduku kila kikao, kabla hatujaanza ukurasa mwengine.