Namna nilivyosawazisha maji ya matone kwenye mteremko wa Goba

Shamba langu la nusu eka huko Goba lina upana wa mita 40 na urefu wa mita 50, na kutoka ukingo wa juu hadi ule wa bondeni linashuka mita 7. Msimu wa kwanza wa nyanya nilitandaza mipira ya matone kufuata mteremko, kwa kuwa ndivyo matuta ya zamani yalivyokuwa, na baada ya wiki 3 miche ya juu ilikuwa imedumaa huku ile ya bondeni ikigeuka manjano kwa kusimama kwenye tope. Mbolea, mbegu na siku ya kupanda vilikuwa vile vile, kwa hiyo nilianza kushuku maji.

Kipimo nilichotumia ni kopo. Mpira wangu uliandikwa kwamba kila tundu hutoa lita 1.6 kwa saa, nayo ni sawa na mililita 160 kwa dakika 6. Nilifukia makopo chini ya matundu kadhaa kuanzia juu hadi chini, nikafungua maji kwa dakika 6, kisha nikapima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kopo la juu kabisa lilikuwa na mililita 72, na la chini kabisa 147. Mche wa bondeni ulikuwa unapata mara mbili ya ule wa mlimani.

Sababu yake inaeleweka mtu akifikiri presha kwa mita za kimo cha maji, ambapo mita 10 ni karibu sawa na bar moja inayosomeka kwenye geji. Tangi langu liko juu ya shamba, kwenye mnara wa mita 3. Ukitoa mita moja inayopotelea kwenye chujio na mabomba, tundu la juu lilibakiwa na mita 2 tu, ilhali la bondeni, kwa kuongezewa mita 7 za mteremko na kupunguziwa kidogo na msuguano wa mpira, lilikuwa na takriban mita 8.5. Tundu la kawaida halitoi maji kulingana na presha moja kwa moja, bali kulingana na kipeuo cha pili chake, na ndiyo maana presha iliyozidi mara nne hutoa maji mara mbili.

Jambo la kwanza nililofanya ni kugeuza mipira ikatize mteremko badala ya kuufuata. Bomba kuu la milimita 32 likashuka ukingoni mwa shamba, na kila mpira ukatoka humo kwenda upande wa pili kwa mita 40, ukifuata mstari ulio sawa kwa kimo. Mstari huo hauonekani kwa macho, hasa kwangu, kwa kuwa katikati ya shamba kuna kichuguu cha kale kilichoacha nundu ya sentimeta 60. Niliupata kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ambao mafundi wa ujenzi huutumia kupimia levo, na nikapigilia vigingi kila mita 5. Mistari ikatoka imepinda kama mkeka uliokunjwa vibaya, lakini ndani ya mpira mmoja tofauti ya kimo haikuzidi sentimeta 20.

Urefu wa mpira nao una mpaka wake. Kwa matundu ya kila sentimeta 30, mpira wangu wa milimita 16 hubeba lita 213 kwa saa, na katika mita 40 hupoteza kama sentimeta 30 tu za kimo kwa msuguano. Nilitamani kuunganisha mipira miwili ili nilipate na eneo la jirani, lakini hesabu ilinikataza: urefu ukiwa mara mbili, maji yanayopita mwanzoni nayo huwa mara mbili, na upotevu hupanda karibu mara saba, hadi mita 2. Mita 2 ndiyo presha yote niliyokuwa nayo juu.

Nafasi ya sentimeta 30 ilitokana na udongo. Juu ni kichanga, na nilipoacha tundu moja litone kwa saa moja kisha nikachimba kwa pembeni, unyevu ulikuwa umetanuka sentimeta 35 tu na kushuka chini kwa kina. Bondeni, penye mfinyanzi kidogo, ulifika sentimeta 55, kwa hiyo huko nafasi ya 40 ingetosha, lakini mipira nilikwisha kuinunua. Shimo hilo lilinifunza pia kwamba kwenye mteremko unyevu husogea upande wa chini, kwa hiyo mpira ukae upande wa juu wa mstari wa miche.

Kisha niligawa shamba katika kanda 4 za mipira 10, kila ukanda na koki yake, na hapo ndipo hesabu ilipopendeza. Katika ukanda wa chini kabisa presha ilikuwa kati ya mita 7 na 8.5, na tofauti ya maji kati ya mpira wa juu na wa chini ilikuwa asilimia 9 tu. Katika ukanda wa juu kabisa, presha ilikuwa kati ya mita 2 na 3.75, na tofauti ikafika asilimia 27. Mteremko unakaribiana, lakini penye presha ndogo huumiza zaidi.

Kwa ukanda ule nilikwenda Kariakoo kutafuta mpira wenye matundu yanayojirekebisha, yaani yenye kiwambo cha mpira laini ndani kinachobana njia presha ikizidi na kuiachia ikipungua. Muuzaji aliniambia, "Mama, huu hata ukiupeleka mlimani hauna shida." Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Karatasi ya mpira huo ilisema hujirekebisha kati ya bar 0.5 na 4, na chini ya hapo hufanya kama tundu la kawaida. Mita zangu 2 ni bar 0.2, kwa hiyo ningekuwa nimelipa zaidi bila kupata kitu. Kwa hiyo nilifunga mpira huo pamoja na pampu ya nusu hospawa kwa kanda mbili za juu, na geji niliiweka mwisho wa mpira wa juu kabisa, si kwenye pampu, kwa kuwa huko mbali ndiko presha inakoisha. Ilisoma bar 1.0. Makopo yote ya kanda hizo sasa hupata kati ya mililita 152 na 166. Kanda mbili za chini zimebaki na mipira ya zamani na maji ya tangi peke yake. Ukanda wa mwisho huuwekea dakika chache kuliko ulio juu yake.

Tatizo lililobaki lilijitokeza baada ya kufunga maji. Mipira 10 ya mita 40 hubaki na lita kama 60 ndani, nazo zote huteremkia kwenye mpira wa chini wa ukanda na kutona kwa muda mrefu. Mipira mipya ina matundu yanayojifunga presha ikishuka, hivyo maji hubaki ndani. Kwa ile ya zamani nimeweka koki ndogo mwanzoni mwa kila mpira, ambazo huzifunga kwa mkono kabla ya koki ya ukanda. Maji yanaposhuka, mpira wa juu nao hunyonya hewa kupitia matundu, na hewa hiyo huingia na tope. Niligundua nilipopasua tundu lililoziba na kukuta mchanga ambao chujio lisingeupitisha. Valvu ya hewa sasa iko sehemu ya juu kabisa ya bomba kuu, na kila Jumamosi nafungua ncha za mipira hadi maji yatoke meupe.