Maji ya Nyungu Yalipommwagikia Mwanangu

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka minne alipopata mafua yaliyomziba pua usiku kucha. Mama yangu, aliyekuja kututembelea Dar es Salaam kutoka Lushoto, alichemsha majani ya mkaratusi na mchaichai, akaepua sufuria na kuiweka sakafuni, kisha akamketisha mtoto kwenye kigoda mbele yake na kumfunika blanketi. Ndivyo nilivyofukizwa mimi nikiwa mdogo, kwa hiyo sikuona sababu ya kupinga.

Mvuke ulipomwingia machoni, mtoto alijinyanyua ghafla na mguu wake ukapiga ukingo wa sufuria. Maji yalimmwagikia mapajani na sehemu ya tumbo la chini. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu kutoka alipokuwa, lakini blanketi lilinizuia kuona kilichotokea mpaka aliposikika akipiga kelele. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile: hatari haikuwa kwenye mvuke pekee, bali kwenye maji yenyewe, ambayo hubaki ya moto wa kuunguza kwa muda mrefu baada ya kuepuliwa. Maji ya nyuzi joto 60 humuunguza mtu mzima kwa takriban sekunde tano, na ngozi ya mtoto, ambayo ni nyembamba zaidi, huungua kwa muda mfupi kuliko huo.

Mama alikimbilia dawa ya meno. Jirani yetu, ambaye ni muuguzi, aliingia wakati huohuo akamwambia kwa upole, "Mama, shikamoo, naomba tusimpake kitu kwanza." Alimvua kaptura iliyokuwa imelowa maji ya moto, kwa sababu nguo ya namna hiyo huendelea kuunguza, akampeleka bafuni na kuyaacha maji ya bomba yatiririke juu ya mapaja kwa dakika 20 kamili. Kifua na mabega aliyafunika kwa khanga kavu ili mtoto asipoe mwili mzima. Dakika 20 ni ndefu sana mtoto anapolia, na mara mbili niliomba tumtoe, lakini alikataa. Barafu pia aliikataa, akieleza kwamba inaweza kuidhuru zaidi ngozi iliyokwisha kuungua. Baada ya hapo tulifunika jeraha kwa kitambaa safi bila kulibana, tukaenda hospitali.

Daktari alipima eneo lililoungua kwa kutumia kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake, ambacho ni karibu asilimia moja ya mwili wake, naye akahesabu viganja vinne. Chini ya malengelenge ngozi ilikuwa ya waridi, yenye unyevu na yenye maumivu makali, nasi tukaambiwa kwamba hiyo ilikuwa afadhali kuliko ngozi nyeupe isiyohisi kitu, ambayo huashiria kwamba moto umeingia ndani zaidi. Vidonda vilifunga katika wiki ya tatu.

Kilichonishangaza zaidi ni maelezo ya daktari kwamba hata pasipo ajali, kujifukiza hakujathibitishwa kufupisha mafua. Virusi huisha vyenyewe, na kinachohitajika ni kulainisha kamasi ili mtoto aweze kupumua, kula na kulala.

Mdogo wake alipozibwa pua akiwa na miezi saba, nilinunua duka la dawa matone ya pua ya maji ya chumvi yenye kiwango cha asilimia 0.9. Chumvi ya jikoni sikuitumia, kwa kuwa ni rahisi kukosea kipimo na mchanganyiko mkali huchoma pua. Kabla ya kunyonya nilimlaza chali, nikamdondoshea matone mawili katika kila tundu, nikasubiri kama dakika moja, ndipo nikatumia kipira cha kuvutia kamasi. Kipira hubonyezwa kwanza, huingizwa mwanzoni tu mwa tundu, kisha huachiliwa taratibu; ukikibonyeza kikiwa tayari puani unasukuma kamasi ndani. Sikuvuta zaidi ya mara tatu kwa siku, maana pua inayovutwa mno huvimba na kuziba upya. Mafuta ya kuchua yenye kafuri na mentoli, ambayo mama alikuwa nayo mkobani, niliyaweka kando kwa sababu hayamfai mtoto wa chini ya miaka miwili.

Usiku wa pili nilihesabu pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika nzima, nikapata 44. Kwa umri wake, 50 au zaidi, au kifua kubonyea ndani anapovuta hewa, au kushindwa kunyonya, kungenifanya nitoke naye usiku uleule. Alinyonya titi moja bila kukatisha, akalala. Mama, aliyekuwa ameshika tochi muda wote, aliniuliza kama matone yale yanapatikana Lushoto.