Siku Rangi Zilipoendelea na Basi

Kile kisanduku cha rangi za maji nilikinunua Dodoma mjini asubuhi ya safari. Nikakipandisha juu ya kiti pamoja na mkoba wa chakula, na tuliposhuka Kondoa nikakumbuka mkoba tu. Kisanduku kikaendelea na basi kwenda Babati. Ilikuwa Juni 2017. Mwanangu Zai alikuwa na miaka mitatu na miezi kidogo, na tangu tutoke nyumbani wimbo wake ulikuwa mmoja: "Nitachora kwa Bibi."

Kesho yake aliamka nao. Nilipomwambia rangi zimepotea, alilia mpaka Mama akaacha kupepeta mtama na kuuliza mtoto anaumwa nini. Nikamweleza.

"Sasa rangi ndiyo ya kulilia?" akasema, akanyoosha ungo kuelekea jiko lake. "Ukuta ule nimeupaka mwenyewe. Uliniona nikienda dukani?"

Ukuta wa jiko la Mama ulikuwa mwekundu mpaka usawa wa kiuno, na juu yake kijivu cha majivu. Nimekulia mbele ya ukuta ule na sijawahi kuuita rangi. Tena nyumbani kwetu si mbali na Kolo, kwenye yale majabali yenye michoro myekundu ya watu wa kale ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Shuleni tulipelekwa kuiangalia, tukaambiwa wekundu ule ni wa mawe na udongo wenye chuma. Tulirudi tumechoka, tukanawa miguu iliyojaa udongo uleule.

Tukaenda korongoni, Mama mbele, mimi na Zai nyuma na sufuria bovu. Wasioijua Kondoa wafahamu kwamba makorongo yetu si mitaro; ardhi imechanwa na maji mpaka mtu anapotea humo ndani, na kuta zake zinaonyesha udongo kwa tabaka. Mimi nikainama kuchota pale chini penye laini. Mama akanipiga kofi la mkono. Pale chini wanapita ng'ombe na mbuzi, mvua nayo inashusha kila kitu, na mtoto wa miaka mitatu atalamba vidole tu, hata umwimbie. Akakwangua ukutani kwa jembe, akautupa ule wa juu, akaendelea kuingia ndani kiasi cha kiganja, ndipo akaniambia nikinge. Tulijaza nusu ya sufuria.

Nilidhani kazi imeisha, tunatia maji tunachora. Nilijaribu hivyo, na brashi ya kwanza ikakwaruza karatasi kama msasa. Udongo ule una mchanga mwingi. Mama akamwaga maji mengi ndani, akakoroga kwa mwiko, akamwambia Zai, "Hesabu vidole vyako vyote." Zai akahesabu kwa hesabu yake, moja, mbili, tano, kumi, na muda huo mchanga ukawa umeshuka chini. Mama akamimina yale maji mazito mekundu kwenye beseni taratibu, mchanga ukabaki sufuriani. Akarudia mara mbili. Kisha beseni likafunikwa hadi kesho.

Kumwambia mtoto asubiri hadi kesho ni vita nyingine. Alilifunua beseni mara nyingi, na kila alipotia mkono alilivuruga upya. Mwishowe Mama akalipandisha juu ya dari la jiko. Asubuhi juu palikuwa na maji meupe ya kumwagwa, na chini tope laini kama maziwa mgando, halina hata chembe ya kukwaruza. Tukalianika kidogo, kisha Mama akalikaanga kwenye kigae juu ya mafiga mpaka likakauka kabisa, kwa ajili ya minyoo. Lilikuwa na wekundu wa matofali. Lilipotoka motoni liliiva zaidi.

Weusi ulituletea ugomvi. Kaka yangu ni mwalimu wa msingi, na alipofika akaona tunasaga mkaa akacheka. "Mama Zai, unajitesa. Chukua betri za redio zilizokufa, pasua, ule unga wa ndani ni mweusi kuliko usiku. Ubao wetu tunaupaka huo na majani ya viazi." Ni kweli, na mimi mwenyewe nimesoma mbele ya ubao wa namna hiyo. Lakini ule unga si mkaa mtupu. Una manganizi na chumvi nyingine za betri, si kitu cha kuingia kinywani mwa mtoto. Nilimkatalia. Akasema watoto wake wote wamekua wakiupaka. Nikasema nao walikuwa wakubwa. Mama hakusema neno, akazichukua zile betri na kuzitupa chooni.

Mkaa nao una kiburi chake. Nilitwanga vipande viwili kwenye kinu kidogo, nikachekecha kwa kitambaa, nikatia maji. Unga ukaelea juu kama vumbi, chini maji safi, na kila nikikoroga unapanda tena. Nilihangaika muda mrefu kabla ya kujua dawa yake: mkaa usikutane na maji matupu. Nilipika uji mwembamba wa muhogo, vijiko viwili vya unga kwa vikombe viwili vya maji, nikauacha upoe, kisha nikaweka mkaa juu ya jiwe la kusagia na kuutonesha uji kidogo kidogo huku nasaga. Ukalainika, ukang'aa, ukawa wino.

Uji uleule ndio uliookoa udongo. Bila uji, rangi ya udongo inapendeza ikiwa mbichi, ikikauka inatoka na kidole kama poda. Nilipima kwa kupaka mistari kwenye ubao wa mbao na kuisugua baada ya kukauka. Kijiko cha udongo kwa kijiko cha uji kilishika vizuri. Nilipozidisha uji, mstari ulipasuka na kubanduka kama ngozi ya nyoka. Na kila siku tulipika mpya, kwa sababu uji wa jana ulikuwa umeanza kunuka uchachu, na wa juzi ulikuwa na ukungu.

Njano ilikuwa binzari ya jikoni na uji, haina hadithi. Wekundu wa pili, ule wa damu, Mama aliutoa kwenye choya, ambayo wengine wanaiita rozela. Konzi moja ya maua yaliyokauka, kikombe kimoja cha maji, ikachemka mpaka ikabaki nusu.

Na hapo ndipo palitokea jambo ambalo hadi leo Zai analidai kuwa ni lake. Karatasi hatukuwa nayo, kwa hiyo kaka alileta mfuko wa simenti mtupu, akaukung'uta, akauchana, akautandaza uani. Zai akachovya vidole kwenye choya, akaburuta mkono kutoka juu hadi chini. Rangi ilitua nyekundu. Kabla hajachovya tena, ikaanza kugeuka. Ikawa zambarau, halafu bluu chafu, halafu pembeni kijani. Zai akauangalia mkono wake, akaiangalia karatasi. "Bibi! Imekimbia!"

Mama akatoa kauli yake ya siku zote, kwamba mtoto ana mkono wake. Mimi nikaenda jikoni na kijiko cha choya, nikadondoshea punje ya magadi tunayotilia mlenda. Ikageuka kijani palepale. Nikakamulia limau nyingi, ikachemka mapovu na kurudi nyekundu. Nilisimama na kile kijiko nikiwa nimefurahi kuliko mtoto, halafu furaha ikanitoka: kama magadi ndiyo yanayogeuza, basi karatasi ile ina kitu cha jamii ya magadi. Ni simenti. Kaka aliikung'uta, lakini vumbi lilikuwa limejificha kwenye nyuzi za karatasi, na simenti iliyolowa inaunguza ngozi, achilia mbali macho. Nilimnyanyua Zai kwa makwapa na kumpeleka kwenye ndoo, nikamwosha mikono mara tatu huku akipiga kelele za kurudishiwa karatasi yake iliyokimbia.

Kaka alitahayari, akaenda kwake na kurudi na kalenda za miaka iliyopita. Migongo yake ni myeupe na mipana, tukaitandika chini na kuibana kwa mawe.

Brashi zilibaki. Mama anapiga mswaki wa mti, na Zai alishaona jinsi ncha inavyotafunwa ikawa nyuzi. Nikatafuna vijiti viwili vya mswaki wenyewe, vikawa brashi nzuri kwa mistari minene. Yeye akataka yake. Nilipogeuka kuchukua rangi alikuwa ameshafika kwenye ua, amevunja kijiti cha mnyaa, maziwa meupe yanatiririka, anakipeleka kinywani. Mama, ambaye magoti yanamsumbua, alifika kabla yangu. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kumtia mtu upofu, na mdomoni unachoma. Ulikuwa umemgusa viganja tu. Tulimwosha kwa sabuni na maji ya kumimina, tukamshika mikono asiguse uso mpaka tukaridhika. Kuanzia hapo nilikaa kati yake na ua.

Na ule uchoraji wenyewe? Ulichukua kama robo saa. Alishika kijiti kwa ngumi kama anayetwanga, akapiga duara nyekundu juu ya duara nyekundu mpaka karatasi ikatoboka. Akaweka nyeusi juu. Akaweka njano juu ya nyeusi, njano ikamezwa. Nilikuwa nimepanga vifuu vinne vya rangi kwa safu, kila kimoja na kijiti chake. Akavimimina vyote kwenye kimoja, akakoroga, akapata tope la kahawia, na hilo ndilo alilolipenda. Nikamuuliza anachora nini. Akanitazama kama nimeuliza upuuzi. "Ninakoroga." Baadaye, alipomaliza na kuchuchumaa kuitazama, akasema ni Bibi anapika.

Mama akaibandika jikoni, karibu na dirisha, kwa uji uleule. Kwenye karatasi ya pili Zai alikuwa amepiga kiganja cha choya na kiganja cha binzari. Nayo akaibandika pembeni yake.

Tuliporudi Desemba, niliingia jikoni moja kwa moja. Kiganja cha binzari kilikuwa kimeondoka, jua la dirishani limekifuta, kimebaki kivuli ambacho ungekiona kama unajua pa kutazama. Choya ilikuwa ya kijivu, kama doa la chai. Udongo na mkaa vilikuwa vilevile, vyekundu na vyeusi kama siku ile. Ila Bibi anayepika alikuwa na mashimo katikati, pale alipopakwa nene zaidi. Nikamuuliza Mama nani kachana.

"Mende," akasema. "Umeupika uji mzuri."