Kumbukumbu ya mradi: mapazia ya dirisha la magharibi

Matengenezo ya sebule yetu ya Nkuhungu, hapa Dodoma, yamefika kwenye dirisha la magharibi, ambalo wakati wa kiangazi hupigwa na jua tangu alasiri hadi machweo. Pazia la zamani, la pamba na lisilo na bitana, limechanika kwa mistari iliyonyooka kutoka juu kwenda chini, ikifuata migongo ya mikunjo iliyoelekea kioo. Nilipofumua pindo la chini, sehemu iliyokuwa imekunjiwa ndani ilikuwa bado na rangi yake na haikuchanika nilipoivuta, ilhali sehemu ya nje ilikatika kama karatasi na kuacha unga wa nyuzi vidoleni. Msuguano hauchagui hivyo. Hilo ni jua.

Dukani, muuzaji alinionyesha kitambaa cha makochi chenye alama ya 40,000 ya Martindale, kipimo cha kitambaa kuhimili msuguano. "Hiki, dada, utakiacha kwa wajukuu," alisema. Kwa kochi huenda alikuwa sahihi, kwani kochi la nyumbani linalokaliwa kila siku hutosheka na 20,000 hadi 25,000. Lakini katika kipimo hicho kipande cha kitambaa husuguliwa na kitambaa cha sufu, chini ya uzito maalumu, mpaka nyuzi zianze kukatika, na mashine haina jua. Pazia halikaliwi na mtu. Kitambaa cha pamba au cha hariri kinaweza kupata alama nzuri ya msuguano na bado kikaoza dirishani. (Lebo za Kimarekani huandika Wyzenbeek, mashine nyingine kabisa, hivyo tarakimu zake hazilinganishwi na hizi.)

Nimechagua poliesta kwa upande wa mbele. Miale inayoidhuru zaidi ni ile mifupi, ambayo kioo cha kawaida huizuia kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana nyuma ya kioo hudumu kuliko pamba, hariri au nailoni. Bitana ni ya pamba nyeupe iliyofumwa kwa kubana, na kazi yake ni kuoza badala ya pazia. Kwa sababu hiyo sikuishona moja kwa moja: ina mkanda wake wa juu na inaning'inia kwa kulabu, ili ikichoka ibadilishwe peke yake. Nimeifua kabla ya kuikata, kwa kuwa pamba hunywea na poliesta hainywei.

Fimbo ina urefu wa mita 2, na kwa mikunjo maradufu ninahitaji upana wa mita 4. Kwa kitambaa chenye upana wa mita 1.4 nahitaji vipande vitatu vyenye urefu wa mita 2.6 kila kimoja, yaani mita 7.8 kwa jumla.

Mafundi wengi huacha ukanda wa sentimita tano wa kitambaa cha mbele nyuma ya ukingo, bila bitana. Kwa dirisha hili nimeisogeza bitana hadi sentimita moja tu kutoka ukingoni, kwa kuwa ukanda huo ndio ulioanza kuchanika kwenye pazia la chumbani, lenye bitana lakini lililoshonwa kwa mtindo huo.